Tisini na Saba na Tisini na Moja: Kusoma Mapigo, Pumzi na Oksijeni ya Mgonjwa wa Mapafu

Simu iliingia Jumanne jioni, mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi inayowafanya watu wavae koti hadi mezani. Aliyepiga ni binti wa mama mmoja wa Kayole ninayemwona kliniki ya kifua kila baada ya miezi mitatu. Mtaani kwao kila mtu humwita Shosho, nami nitamwita hivyo hapa.

"Sista, nimempima mama na ile mashine ya kidole. Ni tisini na saba na tisini na moja. Ni mbaya?"

"Ipi ni ipi?"

Kimya. Nikasikia akiigeuza mashine. "Ya juu ni tisini na saba. Hapana, ngoja, nikiigeuza hivi ya juu inakuwa tisini na moja."

Hofu yake ilikuwa ya haki. Kijana mzima akijipima, oksijeni yake huwa tisini na kitu na mapigo sabini na kitu, kwa hiyo hata asiposoma maandishi hatachanganya nambari hizo mbili. Mgonjwa wa mapafu wa muda mrefu ni tofauti. Oksijeni yake imeshuka kidogo na mapigo yake yamepanda kidogo, hadi nambari zote mbili zinakutana kwenye tisini na kitu. Ukizibadilisha unapata habari mbili zisizofanana kabisa: oksijeni 97 na mapigo 91 ni mtu aliyetulia, lakini oksijeni 91 na mapigo 97 ni mtu wa kuulizwa maswali zaidi.

Nilimwambia atafute maandishi madogo kando ya nambari. Penye SpO2 au alama ya asilimia ndipo oksijeni ilipo. Penye PRbpm, au picha ya moyo, ni mapigo. Kisha nikamwomba afanye jambo ambalo ningependa kila mwenye kipimo hicho alifanye: aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wa mama upande wa kidole gumba, na ahesabu mapigo dakika nzima kwa saa ya simu. Alihesabu 96. Kwa hiyo 97 ilikuwa mapigo, na oksijeni ilikuwa 91.

Hesabu hiyo ya mkono ina faida nyingine. Mashine haipimi oksijeni moja kwa moja. Inapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole na kuangalia jinsi mwanga huo unavyobadilika kila damu inaposukumwa. Ikikosa kuyaona mapigo sawasawa, oksijeni inayoonyesha ni ya kubahatisha. Kama mkono unasema 96 na mashine inasema 60, usiiamini hata ile nambari ya oksijeni.

Sasa tuangalie kwa nini Shosho, akiwa amekaa tu kwenye kiti, moyo wake unapiga haraka kuliko wangu.

Shosho ana miaka 66. Alikua akipika kwa kuni, kisha akauza chapati na mandazi kwa miaka mingi mbele ya jiko la makaa. Aliwahi kuugua TB, akamaliza dawa zake za miezi sita, makohozi yakawa safi. Vidudu viliondoka lakini makovu yakabaki, na moshi ulikuwa umeshafanya kazi yake kwenye mirija ya hewa. Alipopuliza kwenye kipimo cha mapafu, hewa aliyoitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa chini kidogo ya nusu ya ile inayotarajiwa kwa mwanamke wa umri na kimo chake. Hajawahi kuvuta sigara. Nalisema hilo kwa sababu wengi bado wanadhani mirija haizibi bila sigara.

Kwa mtu kama huyu, moyo husukumwa na mambo kadhaa kwa pamoja. La kwanza ni kazi ya kupumua yenyewe. Wewe na mimi tukikaa, misuli ya kifua inatumia sehemu ndogo sana ya oksijeni ya mwili, hata hatuhisi. Mirija ikiwa myembamba, misuli hiyo inafanya kazi kutwa kucha kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani, nayo inadai damu.

La pili hujificha zaidi. Mirija iliyobana huingiza hewa vizuri kuliko inavyoitoa, kwa hiyo kila pumzi huacha hewa kidogo nyuma, na kifua kinabaki kimejaa. Ukimtazama Shosho kwa upande utaona kifua kimeumuka na mabega yameinuka. Hewa hiyo iliyonaswa inaubana moyo na kuzuia damu inayorudi kutoka mwilini isiingie kwa wingi. Moyo usiojaa sawasawa hutoa damu kidogo kila unapopiga, na njia yake ya kufidia ni kupiga mara nyingi zaidi.

Kisha kuna vihisio vidogo shingoni, penye mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Oksijeni ikishuka, hivyo ndivyo vinavyopiga kengele, na ujumbe wake kwa mwili ni mmoja: pumua zaidi, sukuma zaidi. Mishipa ya ndani ya mapafu nayo hujikaza penye oksijeni haba, na kadiri miaka inavyopita upande wa kulia wa moyo unajikuta unasukuma damu kwenye mabomba membamba. Ongeza miguu iliyokosa mazoezi kwa sababu mwenyewe anaogopa ngazi, na dawa za pampu zinazochangamsha moyo, utaelewa kwa nini mapigo ya kawaida ya Shosho akiwa ametulia ni 88. Vitabu vinaruhusu 60 hadi 100 kwa mtu mzima, kwa hiyo yeye yumo ndani ya mipaka. Lakini nafasi aliyonayo ya kupanda kabla ya kuchoka ni ndogo kuliko ya mtu anayeanzia 66. Watafiti wa Kopenhageni waliofuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi walikuta kwamba kadiri mirija ilivyoziba zaidi ndivyo mapigo ya kupumzika yalivyokuwa juu, na kwamba wenye mapigo ya juu walifariki mapema zaidi. Hiyo haina maana kwamba dawa ni kuyashusha mapigo kwa nguvu. Mapigo hayo yanabeba habari za mapafu.

Oksijeni nayo ina mambo yake, na Nairobi inayaongeza. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ina asilimia ileile ya oksijeni kama ya Mombasa, asilimia 21, lakini ni nyepesi, na msukumo unaoiingiza oksijeni kwenye damu uko karibu moja ya tano pungufu. Mtu mwenye mapafu mazima hahisi chochote. Wengi hapa hupata 95 hadi 97. Sababu ni kwamba damu inaachia oksijeni kwa mtindo wa pekee. Fikiria barabara ya kutoka Nairobi kupita Limuru: unakwenda juu ya nyanda, kilomita baada ya kilomita hakuna tofauti kubwa, halafu ghafla unafika ukingoni mwa Bonde la Ufa na barabara inaporomoka kuelekea Mai Mahiu. Kati ya 98 na 92 uko kwenye nyanda. Karibu na 90 umefika ukingoni. Chini ya hapo, upungufu mdogo wa hewa unaishusha nambari haraka.

Shosho anaishi karibu na ukingo. Kawaida yake ni 92. Akishuka Mombasa kwa mwanawe hupata 95, akirudi, 92 tena. Safari ya kwanza binti alidhani upepo wa bahari umemponya mama, na akirudi Nairobi ataugua. Mapafu yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni uzito wa hewa.

Kwa hiyo jioni ile, oksijeni 91 ilikuwa nambari moja tu chini ya kawaida yake, na kipimo chenyewe kinaweza kukosea kwa nambari mbili au tatu kwenda juu au chini. Mapigo 97 yalikuwa tisa juu ya kawaida. Nikauliza, "Mama alikuwa anafanya nini kabla hujampima?" Alikuwa ametoka kununua maziwa na kupanda hadi ghorofa ya tatu. Alipofika akavuta pampu ya bluu mara nne. Kisha akapimwa.

Ngazi peke yake zingetosha kuelezea nambari zile. Pampu ya bluu, ambayo ni salbutamoli, hulegeza misuli ya mirija, lakini hugusa moyo pia, na baada ya mivuto kadhaa si ajabu mapigo kupanda na vidole kutetemeka kidogo. Nikamwomba binti amwache mama akae, ameegemea, bila kuongea, na ampime tena baada ya nusu saa. Alituma ujumbe: mapigo 90, oksijeni 91, anapumua mara 20 kwa dakika, anauliza chai iko wapi. Hapakuwa na jambo la kutufanya tukimbie usiku ule.

Wiki mbili baadaye simu ikaja tena, na safari hii mambo yalikuwa mengine, ingawa mtu anayetazama oksijeni tu asingeyaona.

Shosho alikuwa na mafua siku tatu. Makohozi yalikuwa yameongezeka na kugeuka kijani. Oksijeni: 90. Jirani, mtu mwema anayeuza dawa, alikuwa ameangalia kipimo akasema tisini bado iko sawa. Binti hakuridhika. Mapigo yalikuwa 112, na hayakushuka hata baada ya mama kukaa saa nzima. Nikamwuliza, "Anapumua mara ngapi?" Alikuwa amejifunza kuhesabu kifua kinavyopanda dakika nzima bila kumwambia mama, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi yake. Ilikuwa 28. "Mpe simu nimsikie." Shosho alisema, "Sista... leo..." akavuta pumzi, "...siko... vizuri."

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Oksijeni inakuambia kilichofika kwenye damu. Mapigo na pumzi vinakuambia kilichogharimu kukifikisha. Ni sawa na mtu anayetoka Kayole kwenda Tao. Jana alifika saa mbili asubuhi kwa shilingi hamsini. Leo amefika saa mbili ileile, lakini mvua imenyesha, nauli imepanda hadi mia na hamsini, na mfuko umebaki mtupu. Anayeangalia saa ya kufika tu atasema hakuna kilichobadilika. Shosho alikuwa bado "anafika" tisini, lakini alikuwa analipa mapigo 24 zaidi ya kawaida yake kila dakika, na pumzi nane au kumi zaidi. Mfuko wa mtu wa miaka 66 mwenye mapafu hayo hauwezi kulipa hivyo siku nyingi.

Madaktari wameliweka jambo hili kwenye mpangilio unaofahamika. Mwaka 2021 kundi la wataalamu lilipendekeza namna ya kupima ukali wa ugonjwa huu wa mirija unapolipuka, na mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa huo ukaupokea mwaka 2023. Wanaangalia mambo matano: mgonjwa mwenyewe anasema pumzi inamsumbua kwa kiasi gani kutoka sifuri hadi kumi, anapumua mara ngapi, moyo unapiga mara ngapi, oksijeni iko wapi, na kipimo kimoja cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini. Pumzi kumsumbua tano au zaidi, kupumua mara 24 au zaidi, mapigo 95 au zaidi, oksijeni chini ya 92 au kushuka zaidi ya nambari tatu kutoka kawaida ya mtu: vitatu kati ya vile vitano vikivuka mpaka, mlipuko si mdogo tena. Shosho alisema pumzi yake ni saba. Kabla hata ya kutolewa damu, alikuwa ameshavuka.

Angalia vizuri, kwani ile 92 inaleta shida Nairobi. Shosho yuko kwenye 92 siku zake njema, na kuna wagonjwa wangu ambao 90 ndiyo kawaida yao wakiwa wamekaa nje wanaota jua. Ukiutumia mpaka huo peke yake utawapeleka hospitali kila wiki. Hapa kwetu nauamini zaidi ule mshuko kutoka kawaida ya mtu mwenyewe, na naupima kwa mapigo na pumzi. Ndiyo sababu namwomba kila mgonjwa aandike kawaida yake siku ambayo hana tatizo: amekaa dakika kumi, hajavuta pampu saa chache zilizopita, hajatoka kunywa kahawa, kidole kina joto. Bila mstari huo wa kwanza kwenye daftari, nambari za siku mbaya hazina cha kulinganishwa nacho.

Alipelekwa hospitali usiku uleule. Binti alinipigia akiwa na hasira: mama anahema hivi, na hawajamwekea oksijeni! Nilimweleza kwamba kwa mgonjwa wa aina hii lengo ni oksijeni kati ya 88 na 92, na mama alikuwa ndani yake. Kwa baadhi yao, oksijeni nyingi kupita kiasi hufanya hewa chafu ya kaboni ijikusanye kwenye damu. Kipimo cha kidole kitaonyesha 99 ya kupendeza huku mgonjwa akianza kusinzia, na kipimo hicho hakioni kaboni hata kidogo. Usiku wa manane nambari ilishuka hadi 86, wakamwekea lita moja kwa dakika kwa mrija wa puani, ikarudi 90. Wakamwacha hapo, na walifanya vizuri.

Alipewa dawa ya kuvuta kwa mvuke, vidonge vya prednisoloni vya siku tano, na dawa ya kuua bakteria kwa sababu ya makohozi yale. Baada ya mvuke wa kwanza mapigo yalipanda kutoka 112 hadi 118, na binti akaogopa. Lakini pumzi zilikuwa zimeshuka kutoka 28 hadi 24, na Shosho aliweza kusema sentensi nzima. Mapigo yaliyopanda huku pumzi ikilegea mara nyingi ni ya dawa. Yanapopanda pamoja na pumzi, ni ya ugonjwa. Asubuhi yalikuwa 104, siku ya tatu 96, na siku ya kurudi nyumbani 90.

Kuna mchanganyiko mmoja wa nambari unaonitisha kuliko wote, na kwa bahati Shosho hakuufikia. Mgonjwa aliyehema mara 30 usiku kucha, ghafla anapumua mara 12, anatulia, anafumba macho, anajibu maswali kwa shida. Jamaa hushusha pumzi, wakasema amepata usingizi. Huo mara nyingi si usingizi. Misuli imechoka, kaboni inapanda, na mgonjwa anahitaji msaada wa mashine ya kupumulia mara moja. Mtu anayepona hutulia, lakini ukimwita anaamka na kuongea.

Mapigo nayo yanaweza kukudanganya. Wagonjwa wengi wa rika la Shosho wana presha, na baadhi wanameza atenololi au dawa za ukoo wake, ambazo kazi yake ni kuushika moyo usikimbie. Moyo wa mtu huyo unaweza kubaki 78 huku mapafu yakiwaka moto. Kwake egemea pumzi: hesabu kifua, sikiliza kama sentensi inakatika. Dawa hiyo isiachwe ghafla bila daktari, kwa maana kuiacha hivyo ni hatari kwa moyo.

Kinyume chake pia hutokea. Mapigo yamepanda hadi 105 siku kadhaa, lakini oksijeni iko palepale na pumzi haijabadilika. Hapo siyalaumu mapafu kwanza. Nauliza homa, kuhara, vidonge vya teofilini, tezi ya shingo, na nashika mkono kusikia kama mapigo yana mpangilio au yanaruka ovyo, kwa sababu moyo wa mgonjwa wa mapafu hupoteza mpangilio wake kwa urahisi, na mapigo ya ovyo yanataka kipimo cha umeme wa moyo siku hiyohiyo. Naangalia pia upungufu wa damu. Oksijeni ya asilimia 95 ina maana kwamba katika kila viti mia vya kubebea oksijeni, 95 vina abiria. Haikuambii kuna matatu ngapi barabarani. Mwenye damu pungufu anaweza kusoma 95 huku matatu zake ni nusu, na moyo unalazimika kuzizungusha haraka zaidi.

Na mara nyingine oksijeni yenyewe ndiyo inayosomwa vibaya. Mwezi wa saba vidole ni baridi, damu haifiki vizuri, na kipimo kinayumba. Sugua mkono, uweke ndani ya blanketi, kisha upime na usubiri nambari itulie nusu dakika. Hina nyeusi na rangi ya kucha huzuia mwanga, basi tumia kidole kisichopakwa. La uzito zaidi ni ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni uliofichwa na kipimo karibu mara tatu zaidi ya wazungu: kidole kilisema 92 hadi 96 huku damu yenyewe ikiwa chini ya 88. Kwa hiyo nambari ya kidole ikisema 92 na mtu anashindwa kumaliza sentensi, mwamini mtu. Tazama ulimi wake na ndani ya midomo kwenye mwanga wa mchana. Ukiona rangi ya kijivu au samawati, usingoje kipimo kikubaliane nawe.

Nimeacha mwisho jambo ambalo msimu huu wa baridi nalirudia kila kliniki. Baada ya Shosho kurudi nyumbani, binti aliingiza jiko la makaa chumbani mwa mama ili apate joto, akafunga dirisha. Saa mbili baadaye mama alilalamika kichwa kinauma na tumbo linachafuka. Oksijeni: 93. Mapigo: 108. Binti aliiona 93, nzuri kuliko siku zote, akaanza kuamini kwamba joto linamsaidia. Kilichomshtua ni mapigo. Moshi usioonekana wa makaa hukalia viti vya oksijeni kwenye damu, na kipimo cha kawaida cha kidole hakiwezi kutofautisha abiria huyo na oksijeni. Kinahesabu kiti kimejaa, basi. Nambari inabaki inapendeza huku mwili ukikosa hewa, na moyo peke yake ndio unaopiga kelele. Nilimwambia afungue mlango na dirisha, ambebe mama nje kabla ya kuhangaika na jiko, kisha wachukue gari waende kituo chenye oksijeni. Huko hawakumwekea ile lita moja ya mara ya kwanza. Kwa sumu ya makaa hupewa oksijeni nyingi, na kwa mama mwenye mapafu hayo mtu alikaa kando ya kitanda usiku ule akimwita kila baada ya muda kuona kama anaitika.

Jiko sasa linawashwa kwenye roshani, na chumbani kuna blanketi la pili na chupa ya maji moto. Kwenye daftari la Shosho, mstari wa Jumapili iliyopita unasema: mapigo 88, oksijeni 92, pumzi 19, ngazi amepumzika mara moja kila ghorofa.